Ripoti ya kamisheni ya mwezi: namna ya kuiandaa na kuikagua kabla wauzaji hawajaiona

Ukikabidhiwa kazi ya kamisheni kwa mara ya kwanza, maswali ni yale yale: nihesabu kwenye oda au kwenye pesa iliyoingia? VAT naitoa wapi? Bidhaa zikirudishwa nafanya nini? Na mbona hesabu yangu haifanani na ya muuzaji? Mwongozo huu unayajibu kwa kutumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mfano wetu ni duka la jumla la Industrial Area, Nairobi, linalosambaza sabuni, mafuta ya kupikia na unga kwa maduka ya Githurai, Kawangware, Eastleigh na Umoja. Lina wauzaji wanne, S01 hadi S04, na mwezi tunaouhesabu ni Juni 2025. Fomula zinafanya kazi kwenye Excel na Google Sheets vilevile.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kwanza, orodha ya ankara na kredit noti kutoka kwenye mfumo wa mauzo, ankara moja kwa kila mstari. Usichukue orodha ya oda tupu. Oda ya katoni 50 inaweza kupelekwa 30, nyingine ikafutwa mteja akikosa pesa. Ankara ndiyo inayoonyesha kilichouzwa kweli.

Pili, ripoti ya malipo: M-Pesa, benki na cheki. Hii hutoka kwa mhasibu, si kwa muuzaji.

Tatu, sheria za viwango, zikiwa zimeandikwa na kutiwa sahihi na mwenye mamlaka. Kama sheria bado iko kichwani mwa bosi, simama hapo. Mwandikie barua pepe yenye maswali manne: kamisheni inahesabiwa ankara ikitolewa au ikilipwa? Ni kabla ya VAT au pamoja nayo? Kiwango cha juu kinagusa mauzo yote au kile kilichozidi tu? Bidhaa zikirudishwa, zinakatwa kwenye mwezi gani? Akishajibu, hifadhi jibu hilo pamoja na ripoti.

Majibu ya duka letu ni haya. Ankara inahesabiwa ikilipwa yote, kabla ya VAT. Shilingi 500,000 za kwanza ni asilimia 1, zinazofuata hadi 1,000,000 ni asilimia 1.5, na zinazozidi hapo ni asilimia 2, kila kiwango kikigusa sehemu yake tu. Kredit noti inakatwa kwenye mwezi ilipotolewa.

Hatua

1. Panga shiti ya Oda. Fungua faili jipya la mwezi, usiandike juu ya la mwezi uliopita. Shiti ya kwanza iite `Oda` na uipe safu hizi:

A namba ya hati, B aina (ANKARA au KREDIT), C msimbo wa muuzaji, D mteja, E tarehe ya hati, F tarehe ya kuhesabiwa, G kiasi kabla ya VAT.

Safu ya F ndiyo yenye uamuzi. Kwa ankara, ni siku malipo yalipokamilika. Kwa kredit noti, ni siku ilipotolewa. Ankara ambayo haijalipwa yote, acha F wazi.

Cheki ndiyo inayonasa wengi hapa. Tarehe ya malipo ni siku benki ilipoipitisha, si siku muuzaji alipoipokea dukani kwa mteja. Ukihesabu cheki iliyoandikiwa tarehe ya mbele halafu irudi, mwezi ujao utamkata mtu pesa alizokwisha kulipia kodi ya nyumba.

2. Msimbo wa muuzaji uchukue kwenye ankara, si kwenye orodha ya wateja. Mifumo mingi humwekea kila mteja muuzaji wake wa sasa. Tuseme Githurai ilihama kutoka S01 kwenda S03 tarehe 16 Juni. Ukivuta jina kupitia mteja, mauzo yote ya Githurai ya wiki mbili za kwanza yataangukia kwa S03, na jumla ya duka haitabadilika hata senti. Kwa hiyo hakuna ukaguzi wa jumla utakaolinasa kosa hilo. Atakayeliona ni S01, siku ya malipo.

3. Kiasi kabla ya VAT kichukue kwenye ankara yenyewe. Usigawanye kila kitu kwa 1.16. Njia hiyo ni sawa kwa sabuni, inayotozwa asilimia 16, lakini unga wa mahindi una kiwango cha sifuri, na ukiugawanya utamkata muuzaji mauzo ambayo hayakuwa na kodi yoyote ndani yake. Ankara ya eTIMS huonyesha kiasi kinachotozwa kodi na kodi yenyewe kando kando. Mfumo wako nao unapaswa kuweza kukitoa.

Kuacha VAT ndani nako kuna gharama. S03 ana mauzo ya 1,300,000 kabla ya kodi, na kwake zote ni bidhaa za asilimia 16, yaani 1,508,000 pamoja na kodi. Kamisheni sahihi ni 18,500. Ukihesabu kwenye 1,508,000 unapata 22,660, na duka linakuwa limelipa kamisheni juu ya pesa za KRA.

4. Kredit noti iwe na alama ya kutoa. Mifumo kadhaa huitoa kredit noti kama namba chanya, na neno KREDIT tu ndilo linalokuambia kuwa pesa zimerudi. Weka safu ya H, kiasi halisi:

```
=IF(B2="KREDIT",-ABS(G2),G2)
```

`ABS` ipo kwa sababu mfumo mwingine huiweka hasi tayari, na hasi mara mbili ni chanya. S03 alirudishiwa bidhaa za 100,000 mwezi huu. Mauzo yake kabla ya hapo yalikuwa 1,400,000. Ukizijumlisha badala ya kuzitoa, utapata 1,500,000 badala ya 1,300,000: kosa ni la 200,000, mara mbili ya kredit noti yenyewe. Ukiona tofauti ambayo nusu yake inafanana na kredit noti fulani, umeshajua pa kutazama.

5. Weka mipaka ya mwezi. Kwenye shiti ya `Mpangilio`, seli B1 iandike `=DATE(2025,6,1)`, yaani 1 Juni 2025, na B2 iandike `=DATE(2025,7,1)`, yaani 1 Julai 2025. Kisha safu ya I ya `Oda`:

```
=IF(AND(F2>=Mpangilio!$B$1,F2<Mpangilio!$B$2),1,0)
```

Usiandike "hadi tarehe 30". Mfumo ukitoa tarehe pamoja na saa, malipo ya tarehe 30 saa kumi jioni ni makubwa kuliko tarehe 30 tupu, ambayo kwa kompyuta ni saa sita usiku siku hiyo inapoanza. Utapoteza karibu malipo yote ya siku ya mwisho, na mwisho wa mwezi ndipo pesa huingia kwa wingi. Ukitumia "chini ya tarehe 1 Julai", zote zinaingia.

Kama mfumo wako hutoa saa za UTC, kumbuka Nairobi iko mbele kwa saa tatu. Malipo ya M-Pesa ya saa saba usiku tarehe 1 Julai yataonekana kama ya tarehe 30 Juni. Ongeza `3/24` kwenye tarehe kabla ya kuipima.

6. Weka jedwali la viwango. Kwenye shiti ya `Viwango`, mstari wa 1 uachie vichwa. Safu ya A ni pale ngazi inapoanza, B ni kiwango cha ngazi hiyo, na C ni ongezeko juu ya ngazi ya chini yake:

```
A          B       C
0          1.0%    1.0%
500000     1.5%    0.5%
1000000    2.0%    0.5%
```

Usiandike kiwango ndani ya fomula. Siku bosi akibadilisha 1.5 kuwa 1.75, utakumbuka kurekebisha fomula tatu na kusahau ya nne. Kiwango kipya kikianza, tengeneza jedwali jipya lenye tarehe yake ya kuanza, la zamani libaki kwenye faili la mwezi wake.

7. Jumlisha na uhesabu. Shiti ya `Muhtasari`: safu ya A misimbo ya wauzaji, B mauzo, C kamisheni.

```
B2: =SUMIFS(Oda!H:H,Oda!C:C,A2,Oda!I:I,1)
C2: =SUMPRODUCT((B2>Viwango!$A$2:$A$4)*(B2-Viwango!$A$2:$A$4)*Viwango!$C$2:$C$4)
```

Fomula ya pili inasema hivi: kila shilingi inapata asilimia 1, kila inayozidi 500,000 inaongezewa nusu asilimia, kila inayozidi 1,000,000 inaongezewa nusu nyingine. Kwa S03 ni 13,000 jumlisha 4,000 jumlisha 1,500, yaani 18,500. Ifanye kwa kalamu kwa njia ya kawaida: 5,000 za ngazi ya kwanza, 7,500 za pili, 6,000 za tatu. Ni 18,500 vilevile.

Wengi hapa hutumia `VLOOKUP` kutafuta kiwango cha 1,300,000, wanapata asilimia 2 na kuizidisha na mauzo yote: 26,000. Kama sheria ya kampuni yako ni hiyo, sawa. Lakini soma sheria tena. Katika mfumo wa namna hiyo, aliyeuza 999,000 anapata 14,985 na aliyeuza 1,000,000 anapata 20,000. Shilingi elfu moja ya mauzo imeleta elfu tano ya kamisheni, na hapo ndipo utaanza kuona oda za tarehe 30 zinazorudishwa tarehe 3.

Duka letu likikamilika linaonekana hivi:

```
S01     980,000    12,200
S02   1,410,000    20,700
S03   1,300,000    18,500
S04     472,000     4,720
Jumla 4,162,000    56,120
```

Ukaguzi kabla mtu yeyote hajaona

Hapa usiharakishe. Muuzaji akionyeshwa 20,500 Jumatatu na 18,500 Jumatano, kwake wewe umemwibia elfu mbili, hata kama namba ya pili ndiyo ya haki. Kwa hiyo takwimu inaonyeshwa mara moja, ikishapita ukaguzi huu.

8. Tarehe zote ziwe tarehe. Tarehe iliyoingia kama maandishi haileti alama ya kosa. Kompyuta huona maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote, hivyo mstari hupewa 0 kimya kimya na ankara inatoweka. Fomula hii lazima itoe sifuri:

```
=COUNTA(Oda!F2:F2000)-COUNT(Oda!F2:F2000)
```

Kuna kosa lingine ambalo hii hailioni: kompyuta yenye mpangilio wa Marekani husoma 03/06/2025 kama tarehe 6 Machi. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Panga safu ya F kwa tarehe. Ukiona malipo ya tarehe 6 Januari, 6 Februari, 6 Machi na kuendelea, zote za tarehe 6, ujue siku na mwezi vimebadilishana. Rekebisha mpangilio wa nchi kisha ingiza orodha upya. Usibadilishe kwa mkono mstari mmoja mmoja.

9. Jumla mbili zilingane. Jumla ya `Oda` kwa mwezi huu iwe sawa na jumla ya `Muhtasari`:

```
=SUMIFS(Oda!H:H,Oda!I:I,1)-SUM(Muhtasari!B2:B5)
```

Mara ya kwanza duka letu lilitoa 87,500 badala ya sifuri. Unachuja safu ya C na kukuta misimbo mitano badala ya minne: kuna `S03`, na kuna `S03` nyingine yenye nafasi tupu mwishoni. Ankara moja ya 87,500 ilikuwa imeandikwa hivyo, na `SUMIFS` haikuitambua. Kwa kuwa S03 yuko kwenye ngazi ya juu, angepoteza 1,750. Safisha safu yote kwa `TRIM`, na ankara isiyo na msimbo kabisa mrudishie meneja wa mauzo aseme ni ya nani. Usibahatishe kwa kutazama mtaa wa mteja.

Halafu mpe mhasibu jumla ya 4,162,000 ailinganishe na vitabu vyake: ankara zilizolipwa zote ndani ya Juni, kabla ya VAT, ukitoa kredit noti. Zisipolingana, hakuna kuendelea.

10. Hati isijirudie. Kwenye safu ya J ya `Oda` weka `=COUNTIF(A:A,A2)` na uchuje kila kinachozidi 1. Kwa kawaida ni ankara iliyolipwa kwa awamu mbili, mfumo ukaitoa mara mbili na kiasi kizima kila mara. Baki na mstari mmoja wenye tarehe ya awamu ya mwisho. Kisha linganisha pia na faili la Mei: ankara iliyolipiwa kamisheni mwezi uliopita isirudi mwezi huu.

11. Gawanya kamisheni kwa mauzo ya kila mtu. S04 anapata asilimia 1 kamili, S01 kama 1.24, S03 kama 1.42, S02 kama 1.47. Katika sheria yetu hakuna anayeweza kushuka chini ya 1 wala kufikia 2, hata auze vipi, kwa sababu laki tano zake za kwanza daima ni za asilimia 1. Ukiona 2 kamili, mtu ametumia kiwango cha juu kwenye mauzo yote. Ni ukaguzi wa dakika moja, na mimi huupenda kuliko wote.

Ijaribu fomula pia mipakani kwa kuandika namba za majaribio: 500,000 itoe 5,000 na 1,000,000 itoe 12,500.

12. Mtu wa pili ahesabu wawili kwa kikokotoo. Chagua mwenye kamisheni kubwa zaidi na mwenye kredit noti, si wawili wowote. Mpe ankara na karatasi ya sheria tu, usimpe faili lako. Akiliona atafuata njia yako na makosa yako.

13. Funga, kisha toa. Tengeneza nakala, geuza fomula kuwa thamani tupu, ipe jina la mwezi na uiweke isiyohaririwa. Kila muuzaji apate PDF yake yenye orodha ya ankara zake, kredit noti zake na hesabu ya kila ngazi. Usimtumie faili zima lenye shiti zilizofichwa: kuzifichua ni kubofya mara mbili, na mapato ya mwenzake ni taarifa binafsi inayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Andika juu ya PDF kwamba hicho ni kiasi ghafi. Kamisheni ni mapato ya ajira, kwa hiyo inaingia kwenye orodha ya mishahara na kukatwa PAYE, SHIF na tozo ya nyumba pamoja na mshahara. Usipoandika, utapigiwa simu siku pesa zikiingia.

Mambo yakikwama

*Muuzaji anasema ankara yake haipo.* Tafuta namba ya hati kwenye `Oda`. Kama haipo kabisa, tatizo ni orodha uliyotoa kwenye mfumo. Kama ipo na safu ya I ni 0, tazama F: iko wazi, ni maandishi, au ni ya mwezi mwingine. Kama I ni 1, tazama msimbo.

*`TRIM` imetumika na bado msimbo haulingani.* Kuna nafasi ya aina nyingine ambayo `TRIM` haiigusi, hasa orodha ikinakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa mtandao. Tumia `=TRIM(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160)," "))`.

*Muuzaji analalamika amekatwa zaidi kuliko alivyolipwa.* Anaweza kuwa sahihi. Zile bidhaa za 100,000 S03 aliziuza Mei, mwezi ambao jumla yake ilikuwa 700,000, hivyo zilimpa asilimia 1.5, yaani 1,500. Juni zimekatwa kwenye ngazi ya juu: 2,000. Sheria ya duka inasema hivyo, na mwezi mwingine itamfaa yeye, akiuza sana halafu bidhaa zirudi mwezi mbovu. Mwonyeshe hesabu zote mbili pamoja na sheria iliyotiwa sahihi. Akitaka sheria ibadilike, hilo ni la bosi, na libadilike kwa miezi ijayo.

*Kredit noti zimezidi mauzo.* Jumla ikiwa hasi, fomula ya kamisheni hutoa 0 na deni linapotea. Uliza mapema kama hasi hiyo inahamia mwezi ujao. Kama ndiyo, iandike kwenye `Mpangilio` wa faili la Julai siku hiyohiyo unayofunga Juni.

*Kosa limeonekana baada ya kulipa.* Usifungue faili lililofungwa. Weka mstari wa marekebisho kwenye mwezi unaofuata, wenye namba ya ankara na sababu. Mstari huo uwe ni kiasi cha kamisheni, si cha mauzo, usije ukaipitisha kwenye ngazi mara ya pili.